Mkono wa Bila Msumari

Mtaa mzima ulimjua yule mzee kwa jina la Bila Msumari, na jina hilo alijitakia mwenyewe. Enzi zake, kila alipokabidhi kazi, lazima angeongeza maneno: "Itikise. Haya, itikise tena. Hakuna msumari hata mmoja humo." Watu walichoka kutikisa meza, wakabaki na jina. Binti yake, fundi seremala kama yeye, aliitwa Mashoto kwa kuwa mkono wake wa kazi ulikuwa wa kushoto. Alipoanza kujifunza, mzee alijaribu kumgeuza ashike msumeno kwa kulia, akashindwa, akasalimu amri. Baadaye akawa anajitapa kwa wateja kwamba karakana yake ina mikono ya pande zote.

Sasa mzee alikuwa anasahau. Tusizungukezunguke: akili yake ilikuwa inamwacha, na ilimwacha bila adabu, leo ikichukua jina la jirani, kesho njia ya kwenda nyumbani. Alikuwa akiishi kwa mwanawe mkubwa, karani wa stoo ya dawa, mtu mpole ambaye siku hizi upole ulikuwa umemwisha kwa kukosa usingizi. Yeye ndiye aliyekuwa akitoka na tochi kumtafuta. Yeye ndiye aliyemkuta baba yake amekaa kwenye ngazi za nyumba ya watu, ameshika randa, akiwasubiri wamfungulie mlango ambao alisema aliutengeneza yeye. Na kwa kweli alikuwa ameutengeneza yeye, lakini ilikuwa zamani, na wenye nyumba walikuwa wengine.

Kaka mtu alikuja karakanani asubuhi moja, baba yao akiwa ameketi hapohapo akinoa patasi.

"Nimefika mwisho, dada," alisema. "Juzi amejikata kidole, hakujua hata kama anatoka damu. Huku kuna misumeno kila kona. Bora akae nyumbani, geti lifungwe, tujue moja."

"Nyumbani atafanya nini?"

"Atapumzika."

"Baba hajui kupumzika. Ukimfungia geti atakufa mdomo wazi, anaangalia ukuta."

"Na akifa huku na patasi mkononi, utasemaje?"

Ni mzee aliyeinua kichwa. Watoto hao walikuwa wamezoea kumjadili kama kabati linalohamishwa, wakasahau kwamba kabati hili lina masikio.

"Nipeni kazi moja," alisema. "Moja tu. Nipime, nikate, niunge mwenyewe. Ikitoka sawa, mniache na benchi langu. Ikitoka ovyo, hakuna haja ya kunifungia geti. Nitavua aproni mwenyewe na sitairudia."

Kaka mtu alimtazama dada yake, dada naye akatazama maranda sakafuni. Wote wawili waliona kwamba hayo yalikuwa maneno ya mtu mwenye akili timamu, na hilo ndilo lililowachoma. Wakakubaliana. Karani angerudi alasiri, akitoka kazini, kuiona kazi yenyewe.

Kazi ilikuwepo. Mshonaji wa chumba cha pili, mama mwenye mdomo uliokwenda kasi kuliko cherehani yake, alikuwa amewasumbua kwa muda mrefu apate fremu ya wavu kwa ajili ya dirisha lake, maana mbu walikuwa wanamla yeye na wateja wake. Fremu nyepesi tu: vipande viwili vya kusimama, viwili vya kulala, na pembe nne za nusu kwa nusu. Kiungo hicho si cha kutisha. Kila kipande kinapunguzwa nusu ya unene wake pale vinapokutana, kimoja kinapunguzwa mbele, kingine nyuma, kisha kimoja kinalala juu ya mwenzake na uso unakuwa mmoja. Mwanafunzi hukijua kabla hajajua kunoa randa. Ila fremu nyepesi haina huruma. Mbao zake ni nyembamba, na kosa dogo halina pa kujificha.

Mzee alianza vizuri mno. Mashoto alijifanya anapiga msasa kiti, kumbe macho yote yalikuwa kwa baba yake. Alimwona akigeuzageuza kila kipande kwenye mwanga, akichagua uso mzuri na kuuchorea kitanzi kidogo cha penseli. Hakugusa rula. Alilaza kipande juu ya kipande na kuchukua upana palepale, akakata mstari wa bega, pale mkato unapoanzia, kwa kisu kando ya skwea ya kupimia pembe mraba. Akachukua kile kifaa chake cha mti chenye sindano, akairekebisha sindano iangukie katikati ya unene, kisha akaiburuta kwenye vipande vyote vinne, kila mara akianzia upande wenye kitanzi.

"Kwa nini usoni tu?" alimuuliza binti yake ghafla, bila kugeuka, kama alivyokuwa akimuuliza alipokuwa mwanafunzi.

"Kwa sababu sindano ikikosea katikati, inakosea kote sawasawa. Kinachopungua huku kinaongezeka kule, na nyuso zinakutana."

"Ahaa. Kumbe ulikuwa unasikiliza."

Mashoto alicheka. Alitaka kaka yake awepo hapo, aone.

Mwisho mzee alichora alama za mkasi, mistari miwili inayokatana, kwenye kila nusu ya kutupwa: upande wa uso kwa vipande vya kusimama, upande wa nyuma kwa vya kulala. Penye mkasi ndipo panapoondoka. Hiyo ilikuwa sheria ya karakana hiyo, na mzee aliwahi kumfukuza kibarua kwa kuidharau. Kisha akaanza kukata. Msumeno wake ulishuka upande wa kutupwa, ukiugusa mstari bila kuula. Alikata bega kwanza, kisha mipasuo kadhaa iliyofuatana hadi mwisho wa kipande, yote ikiishia kwenye mstari wa sindano. Ndipo patasi ikaingia, kwanza ukingo huu, kisha ukingo ule, ikiendea katikati, ili mbao isichanike upande wa pili. Vipande vidogo vilirukaruka. Kilichobaki katikati, kile kinundu, alikipara taratibu kwa nguvu ya mikono, bila nyundo, mpaka pakawa tambarare.

Alikata pembe moja, ya pili, ya tatu. Akili yote iliyokuwa ikipotea njiani ilionekana kuja kujificha mikononi humo. Mashoto akapumua. Alikwenda nje kumpokea mteja wa stuli, na mteja yule alikuwa wa kubishana, na mabishano yakachukua muda.

Aliporudi, mzee alikuwa amemaliza. Vipande vyote vinne vilikuwa vimepangwa vizuri benchini, na yeye anafagia vumbi kwa kiganja.

"Nimechoka kidogo," alisema. "Nikapumzike kwa huyu mama mwenye maneno. Nikiamka nitaunga."

Alivuka hadi kwenye baraza ya mshonaji, akajilaza kwenye mkeka. Sauti ya mshonaji ikasikika ikimkaribisha na kumwambia kwamba mzee anayelala mchana ana dhamiri safi. Mashoto alisogea benchini. Alitaka tu kuona. Aliviinua vipande kimoja kimoja, akapitisha kidole, akafurahi. Kisha akainua kipande cha pili cha kusimama.

Ncha moja ilikuwa sawa. Kwenye ncha ya pili, alama ya mkasi ilikuwa bado ipo.

Ilikuwa ipo kwenye nusu iliyobaki. Mzee alikuwa amekigeuza kipande, akaikata nusu ya kubaki na kuiacha nusu ya kutupwa, na aliikata kwa ustadi uleule, bega limenyooka, pametulia kama maji ya beseni. Mashoto alijaribu kukilaza juu ya kipande cha kulala, ingawa alijua. Nusu zote mbili zilitaka kukaa mbele. Zikapandana, na pembe ikasimama juu kama kidole kilichovimba. Kukigeuza hakukusaidia, kwani ncha ya kwanza ilikuwa sawa, na ukiiponya hii unaiua ile. Kipande kilikuwa kimekufa.

Alikaa chini kwenye maranda. Aliwaza geti. Aliwaza baba yake nyuma ya geti hilo, mikono mapajani, akiulizwa kama amekunywa chai. Wala hakuwaza sana. Alisimama, akatafuta mabaki ya ubao uleule, akakata kipande kingine na kukipiga randa. Akakilaza juu ya vipande vya mzee na kuchukua vipimo, akachora kitanzi, akaburuta sindano ileile bila kuigusa, akachora mikasi. Alikata kwa haraka lakini hakupuuza kitu. Msumeno upande wa kutupwa. Patasi kutoka kingo zote mbili. Jasho lilimdondokea kwenye mbao, akalifuta kwa mkono wa nguo. Kila cherehani iliponyamaza kule chumba cha pili, alisita na kutega sikio. Kipande kipya kilipokaa, kilikaa barabara, na pembe zote nne zikawa uso mmoja. Kilichoharibika alikichomeka nyuma ya mbao zilizoegemezwa ukutani.

Hakujiona mwongo. Alijiona mtu aliyemshika mzazi mkono kwenye ngazi.

Alasiri kaka mtu alifika, shati limemshika mgongoni kwa joto. Mzee alikuwa ameamka na kunawa uso. Mshonaji naye alijileta, akisema amekuja kuangalia mali yake, kumbe amekuja kuangalia mambo ya watu. Mzee aliviunga vipande vikavu, bila gundi, akigongagonga kwa kiganja. Fremu ilisimama. Karani aliishika, akapitisha kidole kwenye pembe, akaipima kwa skwea kama alivyofundishwa utotoni kabla hajakimbilia makaratasi. Uso wake ulibadilika. Ni uso wa mtu aliyekuja amebeba mzigo, akaambiwa autue.

"Imetoka sawa, baba," alisema. "Sina neno. Mimi nilidhani... Basi. Benchi ni lako. Asubuhi nitakuwa nakuleta mwenyewe."

"Si nilisema mimi?" mshonaji alidakia, ingawa hakuwa amesema chochote.

Mashoto aligeukia dirisha, kwa sababu machozi yalikuwa yamemjaa. Alikuwa ameshinda. Baba yake angeendelea kuja, angenoa patasi, angemuuliza maswali ya mwanafunzi, na yeye angekuwa nyuma yake akirekebisha, hata ikiwa ni kila siku.

Lakini mzee hakuwa mtu wa kutia gundi kabla ya kusoma kazi. Alizifungua pembe moja baada ya nyingine, akipitisha kidole gumba ndani ya kila kiungo, macho ameyafumba nusu. Kwenye kipande cha pili cha kusimama kidole kilisimama. Kikarudi nyuma. Akakipeleka kipande mlangoni, kwenye mwanga.

"Huu si mkono wangu," alisema.

"Ni wako, baba," Mashoto alisema upesi.

"Michirizi ya patasi inalalia upande mwingine. Hebu tazama. Kwangu inalalia huku."

"Ulikata asubuhi, baba. Nilikuwepo. Nilikuona kwa macho yangu."

Mzee alimtazama kwa muda mrefu. Angekuwa mzee wa zamani, angemcheka na kumwambia aende akadanganye watoto. Huyu hakuwa na cha kushika. Alitazama kipande, akatazama mkono wake wa kulia, akaukunja na kuukunjua.

"Mimi nilikata hivi?"

"Ndiyo, baba."

"Basi hata mkono umeondoka," alisema taratibu. "Nilijua kichwa kinaondoka. Majina yanakwenda, njia zinakwenda, nikasema si kitu, mkono ninao. Ningeujua mkono wangu hata gizani." Alikiweka kipande chini kwa uangalifu, kama kitu cha mtu. "Sasa najiona kama mgeni humu ndani."

Alikaa kwenye kigogo. Mikono aliificha kwapani. Mashoto hakuwahi kumwona baba yake akiogopa. Alikuwa amemwona amekasirika, amechoka, amefiwa, kuogopa hapana. Na kaka mtu, ambaye sasa alikuwa upande wao, alikuwa akimpapasa mgongo na kumwambia, "Imetoka sawa, baba, imetoka sawa," bila kujua kwamba kila akisema hivyo anazidi kumzamisha.

Angenyamaza, benchi lingebaki. Mashoto alilijua hilo vizuri. Angenyamaza tu, na mzee angekuja kila siku, akae kwenye benchi lake akiwa hana hakika kama yeye ni yeye. Mashoto akaenda ukutani, akasogeza mbao, akatoa kile kipande kilichokufa.

"Cha kwangu ni hicho ulichokiweka chini," alisema. "Nilikikata ulipolala. Wewe ulikata hiki. Nisamehe, baba."

Hata mshonaji alifunga mdomo, jambo ambalo mtaa ungeweza kulisherehekea siku nyingine. Mzee alikipokea kipande, akapitisha kidole gumba. Mabega yake yakashuka. Akatabasamu, tabasamu lililowaumiza wote waliokuwepo.

"Huu ndio," alisema. "Ndio wenyewe. Tazama bega hili, mwanangu. Lingeweza kukinga maji." Alikigeuza kukisifia zaidi, ndipo akauona mkasi kwenye nusu iliyobaki. Akaugusa kwa ukucha. Alielewa palepale, hakuhitaji kuelezwa. "Ah," alisema. "Mkono mzima, upande siyo."

"Kosa moja tu, baba," karani alisema. "Tunaweza—"

"Wewe si ulikuja kuona kazi? Umeiona." Mzee alisimama na kufungua kamba za aproni mgongoni. Vidole havikumsumbua. Aliikunja, akaiweka benchini. "Mashoto, fremu ya huyu mama iunge na kipande chako. Kimekaa vizuri. Patasi yako unaikandamiza sana mwishoni, lakini kimekaa vizuri."

"Sawa, baba."

"Na hiki changu usikitupe. Kesho nitakuja hapa nimesahau yote haya, nikidai benchi langu. Usinigombeze, na usinidanganye tena. Nipe hiki mkononi. Nitaelewa."

Alikuja kweli. Geti halikufungwa, kaka mtu alikosa moyo wa kulifunga. Alimleta mwenyewe kwa mkono, akasimama mlangoni akitazama barabarani. Mzee aliingia akiwa na haraka ya kazi, akaivaa aproni, akauliza nani amegusa patasi zake. Mashoto alimpa kile kipande. Alikisoma kwa kidole, akafurahi, akaona mkasi, akasema "Ah," akavua aproni. Siku iliyofuata ikawa hivyohivyo, na iliyofuata. Kila asubuhi alikipata kitu chake na kukipoteza upya mbele ya macho ya binti yake, na kila asubuhi binti alifikiria kumdanganya. Hakumdanganya. Baada ya kuvua aproni alikaa kwenye kigogo, akamtazama binti yake akifanya kazi, mpaka karani aje amchukue.

Wateja walizoea. Mashoto hakuzoea. Alianza kuichukia asubuhi yenyewe, ule mlio wa viatu vya baba yake kwenye kokoto.

Msimu wa mvua ulipokwisha, alikuja asubuhi moja, hakuuliza patasi wala aproni. Alisimama katikati ya karakana kama mteja, ameshika kofia, akatazama mbao kwa adabu. Mashoto alisubiri. Kwa kuwa hakujua afanye nini kingine, alimwekea kile kipande mkononi.

Mzee alipitisha kidole gumba. Akarudia. Akauona mkasi, akaupita bila kusema chochote. Alikuwa anatazama bega.

"Huyu aliyekata hiki," alisema, "ni fundi. Kakosea upande, lakini ni fundi kwelikweli. Yuko wapi?"

"Ameacha kazi," Mashoto alisema.

"Hasara." Alimrudishia kipande kwa mikono miwili, akamtazama usoni kwa huruma, kama mtu anayemshauri kijana asiyemjua. "Ungemfuata alipo, mama, akufundishe."

Mashoto alimvutia kigogo, akakipangusa vumbi kwa mkono wake wa kushoto, akamkaribisha akae.